Anwani ya IP imesajiliwa nchi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya shule, zahanati na maduka kati ya Nakuru na Kisumu. Maswali haya hunijia karibu kila wiki, mara nyingi pamoja na picha ya skrini: "Fundi, kuna mtu wa Uholanzi anajaribu kuingia kwenye mashine yetu." Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa. Kama una haraka, soma la 4 na la 6, hayo mawili ndiyo huwaponza wengi.

## Mambo ya kwanza

1. Anwani ya IP ina nchi kweli?

Haina. Ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye nchi. Juu kabisa kuna IANA, ambayo hugawa mafungu makubwa ya anwani kwa rejista tano za kanda. Rejista nazo hugawia makampuni ya intaneti, vyuo na benki. Kampuni ya intaneti ndiyo hukupa wewe anwani moja unapowasha simu au rauta, tena mara nyingi kwa muda tu.

Rejista inapokabidhi fungu, huandika kitabuni jina la aliyepewa, anwani yake ya posta, na herufi mbili za nchi: KE, UG, TZ na kadhalika. Herufi hizo mbili ndizo watu huziita "nchi ya IP".

Simama Salgaa jioni utazame malori. Lipo lenye namba ya Uganda, limeegeshwa kando, injini bado ina moto na dereva yuko hotelini anakula. Namba inakuambia gari liliandikishwa wapi. Kama lingekuwa Kampala saa hii usingeliona hapo, na nani ameshika usukani namba haisemi. Nitaurudia mfano huu, kwa hiyo ushike.

2. Rejista hizo tano ni zipi, na yetu ni ipi?

Yetu ni AFRINIC, ya bara la Afrika, yenye ofisi Ebène, Mauritius. RIPE NCC iko Amsterdam na inahudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. ARIN iko Virginia, kwa ajili ya Marekani, Kanada na baadhi ya visiwa vya Karibi. APNIC iko Brisbane, Australia, kwa Asia na Pasifiki. LACNIC iko Montevideo, Uruguay, kwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Ikumbuke miji hiyo, itatufaa kwenye swali la 4.

AFRINIC ndiyo ya mwisho kuzaliwa, ilitambuliwa rasmi 2005. Kabla ya hapo Afrika iligawanywa kwa ikweta: upande wa kusini ulihudumiwa na ARIN, wa kaskazini na RIPE NCC. Sisi wa huku mstari huo unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini Kisumu, na kibao kiko barabarani. Rekodi za zamani zilihamishiwa AFRINIC baadaye, kwa hiyo ukikuta rekodi ya AFRINIC yenye tarehe ya kabla ya 2005, usidhani imekosewa.

3. Nitaangaliaje mwenyewe?

Kwenye kompyuta yenye Linux, weka programu ya `whois` kisha uulize. Nitatumia anwani moja inayojulikana na inayofaa kwa kufundishia:

```
whois 1.1.1.1
```

Jibu huwa refu. Mistari inayotuhusu ni hii:

```
inetnum:   1.1.1.0 - 1.1.1.255
netname:   APNIC-LABS
descr:     APNIC and Cloudflare DNS Resolver project
country:   AU
```

Kama uko na simu tu, fungua kivinjari uandike `https://rdap.org/ip/1.1.1.1`. Huduma hiyo itakupeleka kwenye rejista inayohusika yenyewe. Jibu litakuja kwa sura ya mabano na alama za kunukuu, lakini tafuta neno `country` na utaona herufi zile zile.

Soma mstari wa kwanza kabla ya ule wa nchi. Huo ndio unaokuambia jibu linahusu fungu la ukubwa gani. Likihusu anwani 256, umefika karibu na mtumiaji. Likihusu anwani milioni 16, bado uko getini.

## Kuuliza dirisha lisilo lako

4. Mbona kila anayenishambulia anatoka Uholanzi, Mauritius au Australia?

Kwa sababu huenda hujamwona mshambuliaji bado. Umeona anwani ya ofisi ya rejista.

Jaribu hivi. Chukua anwani yoyote inayoanza na 41, ambazo ni za AFRINIC, na uiulize ARIN moja kwa moja:

```
whois -h whois.arin.net 41.0.0.1
```

ARIN haina habari za anwani hiyo, ila haikuachi mikono mitupu. Hukuambia tu fungu zima liko kwa nani:

```
NetRange:       41.0.0.0 - 41.255.255.255
OrgName:        African Network Information Center
Country:        MU
ReferralServer: whois://whois.afrinic.net
```

MU ni Mauritius. Programu iliyoandikwa kwa pupa huchukua neno la kwanza la `Country` linalojitokeza na kufunga safari, hapo Afrika nzima inageuka Mauritius. Kwa njia hiyo hiyo Ulaya nzima hugeuka Uholanzi, Asia hugeuka Australia, na Amerika ya Kusini hugeuka Uruguay. Ukiona ripoti ya seva imejaa nchi hizo nne na hakuna Ujerumani, India wala Brazili hata moja, anza kushuku programu.

Dawa iko kwenye mstari wa mwisho, `ReferralServer`. Unakuelekeza dirisha la kuuliza. Rudia swali huko:

```
whois -h whois.afrinic.net 41.0.0.1
```

Safari hii fungu litakuwa dogo zaidi, na jina litakuwa la kampuni yenyewe.

Kuna ndugu wa kosa hili upande wa RIPE NCC. Ukiiuliza anwani isiyo yake, hujibu na jina `NON-RIPE-NCC-MANAGED-ADDRESS-BLOCK` na nchi `EU`. Maana yake ni "hii si yetu, kaulize kwingine". Nimewahi kuletewa ripoti iliyochapishwa kwa rangi, yenye chati, ikidai robo ya mashambulizi yametoka "Umoja wa Ulaya".

5. Basi nikiuliza dirisha sahihi, nchi nitakayopewa ni ya nini hasa?

Inategemea rejista, na hapa wengi hawajui kwamba kila moja ina desturi yake. ARIN haiandiki nchi kwenye fungu lenyewe, nchi unayoiona ni sehemu ya anwani ya posta ya mwenye fungu. RIPE NCC, APNIC na AFRINIC zina mstari wa `country:` kwenye fungu, lakini unaweza kuwa nchi ya makao ya kampuni, nchi ambako mtandao unatumika, au chochote alichojaza mhandisi siku ile. Nyaraka za RIPE NCC zenyewe kwa miaka mingi zilikiri kwamba haijawahi kuamuliwa mstari huo unamaanisha nchi ipi.

Tena kampuni iliyopewa fungu kubwa inaweza kulikata vipande na kusajili kila kipande kwa mteja wake. Kipande kinaweza kuwa na nchi tofauti na fungu mama. `whois` kwa kawaida hukuonyesha kipande kidogo kuliko vyote. Kampuni isipojisumbua kusajili vipande, na nyingi hazijisumbui, utaona la mama tu.

## Mfano mmoja, mpaka mwisho

6. Hiyo 1.1.1.1 inasema Australia. Je, mashine iko Australia?

Tuipime kutoka Kisumu. Nilikuwa kwenye ofisi yenye intaneti ya waya, nikaandika:

```
ping -c 10 1.1.1.1
```

Muda mfupi kuliko yote ulikuwa milisekunde 14, kwenda na kurudi. Sasa hesabu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwa kuwa pakiti inaenda na kurudi, kila milisekunde ya `ping` inatosha kwa umbali wa kilomita 100, zaidi ya hapo haiwezekani. Milisekunde 14 basi ni kilomita 1,400 kwa wingi. Perth, mji mkubwa wa Australia ulio karibu nasi kuliko mingine, uko kama kilomita 8,900 kutoka Nairobi hata ukipita angani moja kwa moja. Kwenda na kurudi huko ni karibu milisekunde 89 kwa uchache, bila foleni yoyote njiani.

Kwa hiyo mashine iliyonijibu haiko Australia. Iko Afrika Mashariki, na nchi ya usajili ni AU kwa sababu fungu hilo ni la APNIC, ambayo makao yake ni Brisbane.

Lakini nani anaendesha mashine? Hilo nalo lina dirisha lake:

```
whois -h whois.cymru.com " -v 1.1.1.1"
```

Jibu lake muhimu ni mstari mmoja:

```
13335 | 1.1.1.1 | 1.1.1.0/24 | AU | apnic | 2011-08-11 | CLOUDFLARENET, US
```

Utaona nchi mbili kwenye mstari huo huo. AU ni ya daftari la fungu, lililoandikishwa tarehe 11 Agosti 2011. US ni ya mtandao namba 13335, yaani Cloudflare, unaoitangaza anwani hiyo kwa dunia. Na mashine yenyewe haiko kwenye nchi yoyote kati ya hizo mbili. Anwani moja inaweza kutangazwa kutoka miji mingi kwa wakati mmoja, na pakiti zako huenda kwenye mji ulio karibu kimtandao. Mtu wa Perth akiuliza `1.1.1.1` atajibiwa na mashine nyingine kabisa.

Ukirudi Salgaa: kitabu cha gari ni cha Australia, kampuni ya usafirishaji ni ya Marekani, na lori liko hapa.

7. `ping` ikiwa polepole, je, inathibitisha mashine iko mbali?

Hapana, na hapa ndipo hesabu ya swali la 6 hutumiwa vibaya. Wepesi unathibitisha ukaribu, kwa sababu hakuna kinachoupita mwanga. Upole hauthibitishi umbali. Simu yenye mtandao hafifu huko Nyakach inaweza kuchukua milisekunde 200 kufika Nairobi. Pakiti pia zinaweza kuzunguka Ulaya ili zifike jirani. Chukua muda mfupi kuliko wote, si wastani, na uutumie kuondoa nchi zisizowezekana tu.

Kuna mashine nyingine hazijibu `ping` kabisa. Hapo huna la kupima, na ni heri kusema hivyo kuliko kubuni.

## Kwa nini nchi, au mji, hautoki sawa

8. Niko Kisumu lakini tovuti inasema niko Nairobi. Simu imeingiliwa?

Haijaingiliwa. Ukiwa kwenye mtandao wa simu, pakiti zako husafirishwa kwanza hadi kituo kikuu cha kampuni, na huko ndiko zinakopewa anwani ya nje. Anwani hiyo moja mnaitumia watu wengi kwa wakati mmoja, pengine wewe wa Kondele, mwingine wa Njoro na mwingine wa Embakasi. Tovuti huona mlango mliotokea wote.

Mlango unaweza kuwa hata nje ya nchi. Starlink ilipoanza kuhudumia Kenya Julai 2023, wateja wa hapa walikuwa wakitokea Lagos, hadi kituo cha Nairobi kilipofunguliwa mwanzoni mwa 2025.

9. Akaunti yangu imefunguliwa "kutoka Mauritius". Na sijawahi kwenda huko.

Kwanza angalia kama ni kosa la swali la 4. Kama siyo, linganisha saa ya kuingia na saa uliyoingia wewe mwenyewe. Makampuni yanayohudumia nchi nyingi za Afrika huweza kusajili anwani zote chini ya kampuni mama moja, na Mauritius ni mahali pazuri kwa makao ya kampuni mama. Mteja wa Milimani anakuwa "wa Mauritius" bila kuvuka hata Mto Nyando.

Saa zikilingana na kifaa kikiwa chako, tulia. Zisipolingana, badilisha nywila na ufunge vipindi vyote vilivyo wazi, iwe rekodi inasema Mauritius au Kisumu. Nimemwona mama mmoja mfanyabiashara akipuuza onyo kwa sababu lilisema "Kenya". Aliyeingia alikuwa Kenya kweli, ila hakuwa yeye.

10. Fungu la AFRINIC linaweza kutumika Hong Kong au Los Angeles?

Linatumika, tena kwa wingi, na sababu ni uhaba. Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu. APNIC ilifikia mabaki yake ya mwisho 2011, RIPE NCC 2012, na ARIN ikaishiwa 2015. AFRINIC ilikuwa bado na akiba, kwa hiyo anwani zenye usajili wa Afrika zikawa bidhaa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni iliyosajiliwa Shelisheli, iliyopewa na AFRINIC zaidi ya anwani milioni 6 kati ya 2013 na 2016. Nyingi zimetumika nje ya Afrika, hasa Asia. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha 2021, mambo yalikwenda mahakamani Mauritius, na akaunti za benki za rejista zikazuiwa kwa muda mwaka huo huo. Sitaingia kwenye nani ana haki. Kwako wewe unayesoma kumbukumbu za seva maana yake ni hii: anwani inayoanza na 154 yenye nchi ya Afrika kwenye rekodi inaweza kuwa seva ya kukodi upande wa pili wa dunia. Hesabu ya `ping` na jina la mtandao unaoitangaza (swali la 6) vitakuonyesha haraka kuliko rekodi.

11. Tovuti tatu zimenipa nchi tatu kwa anwani moja. Nani mkweli?

Huenda wote wanajibu maswali tofauti. Moja inasoma rejista. Nyingine inanunua kanzidata ya makisio, inayochanganya rejista, vipimo vya muda na taarifa za watumiaji. Ya tatu inatumia kanzidata ya mwaka juzi, na fungu limeshahama.

Kanzidata za makisio huwa karibu na ukweli kwa nchi, na dhaifu sana kwa mji. Zisipojua, huweka alama katikati ya nchi. Marekani hilo lilileta balaa: shamba moja karibu na Potwin, Kansas, lilikuwa limebeba mamilioni ya anwani zisizojulikana, na kwa miaka wenye nyumba wakawa wanatembelewa na polisi na watu wenye hasira. Habari ilipotoka 2016, kampuni ya MaxMind iliihamisha alama hiyo ikaiweka kwenye maji. Ukiona tovuti inakuonyesha pini juu ya paa la mtu huku Nakuru, kumbuka shamba hilo kabla hujaenda kubisha hodi.

12. Herufi EU, AP na ZZ ni nchi gani?

Siyo nchi. EU na AP ziliandikwa kwa mafungu ya Ulaya kwa jumla au Asia na Pasifiki kwa jumla, na ZZ ni "haijulikani au haijagawiwa". Programu yako ikizikataa, ni sawa. Ikizigeuza kuwa nchi fulani, ibadilishe.

## Kuzuia au kuruhusu kwa nchi

13. Naweza kupata orodha nzima ya anwani zilizosajiliwa Kenya?

Ndiyo, bure. Kila rejista huchapisha faili la mgao kila siku. La AFRINIC hupatikana hivi:

```
curl -sO https://ftp.afrinic.net/pub/stats/afrinic/delegated-afrinic-latest
grep '|KE|ipv4|' delegated-afrinic-latest
```

Kila mstari una muundo mmoja. Huu ni wa faili la APNIC, wa fungu la mfano wetu:

```
apnic|AU|ipv4|1.1.1.0|256|20110811|assigned
```

Ile 256 ni idadi ya anwani, na hapa ndipo watu huteleza: kwenye mistari ya `ipv6` nafasi hiyo hiyo ni urefu wa kiambishi, kama 32, wala si idadi. Tena idadi ya IPv4 inaweza kuwa 768, ambayo haiingii kwenye fungu moja. Lazima uikate iwe `/23` moja, yaani anwani 512, na `/24` moja, yaani anwani 256. Nimeona sheria za ulinzi zilizoandikwa na programu iliyoikata 768 kuwa 512, zikaacha anwani 256 nje.

Faili hili halina vipande vidogo vilivyotajwa kwenye swali la 5. Lina mgao wa juu tu.

14. Basi niruhusu Kenya tu, nizuie dunia nzima?

Nilifanya hivyo, kwa shule moja ya bweni nje ya mji wa Nakuru. Mwalimu mkuu alichoka na majaribio ya usiku kwenye mfumo wa karo akaniambia, "Fundi, funga kila mtu asiye Mkenya." Nikachukua faili la swali la 13, nikatoa mistari ya KE, nikaweka kwenye ukuta wa seva, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Saa mbili asubuhi simu ikalia. Mhasibu alikuwa likizo kwao Kisumu, anataka kuidhinisha malipo ya wauza mboga, na mfumo haumfungukii. Nikamwomba afungue tovuti ya kuonyesha anwani yake na kunisomea. Nikaiuliza AFRINIC: fungu la kampuni ya nje, nchi MU. Alikuwa anatumia intaneti ya nyumbani ya kampuni inayohudumia nchi kadhaa, na kwa daftari langu mama huyu alikuwa Mmauritius.

Jioni nikasoma kumbukumbu za seva. Majaribio yalikuwa yamepungua sana, hilo lazima niseme. Ila yaliyobaki yote yalitoka kwenye anwani tatu za KE, za seva za kukodi Nairobi. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki, awe Nakuru au Manila, anaweza kuzikodi.

Tuliishia hivi: mfumo wa karo haukabiliani tena na intaneti. Wafanyakazi huingia kwanza kwa VPN ya shule, kila mmoja na ufunguo wake, halafu ndipo wauone. Orodha ya nchi bado ipo, lakini kazi yake sasa ni kupunguza kelele kwenye kumbukumbu.

## Hali za pembeni

15. `whois` inanijibu IANA, nchi US. Kwa nini?

Umeuliza anwani ya ndani. Zinazoanza na `192.168` au `10` ni za nyumba na ofisi, na kila rauta mtaani inazo. Kundi la `100.64` hadi `100.127` nalo hutumiwa na makampuni ya intaneti nyuma ya ule mlango mmoja wa swali la 8. Hazina nchi, hazina mwenyewe, na US unayoiona ni ya anwani ya posta ya IANA tu. Ukizikuta kwenye kumbukumbu za seva, aliyeingia yuko ndani ya mtandao wako au nyuma ya kifaa chako mwenyewe.

16. Anwani ikiishia .co.ke, si nimeshajua ni ya Kenya?

Hilo ni jina la domeini, na lina daftari tofauti kabisa, linaloshikwa na KeNIC. Duka la Oginga Odinga Street linaweza kuwa na jina la .co.ke huku tovuti yake ikikaa kwenye seva ya Ujerumani. Tafuta anwani ya IP ya jina hilo kwanza, kisha uanze swali la 3.

17. Rekodi itanipa jina la mtu aliyenitukana?

Haitakupa. Itakupa kampuni ya intaneti, na mara nyingi barua pepe ya kupeleka malalamiko, kwenye mstari wa `abuse-mailbox` au `OrgAbuseEmail`. Waandikie ukiwapa anwani kamili, tarehe, na saa pamoja na ukanda wake wa saa. Namba ya mlango wa muunganisho nayo ni muhimu: kama watu mia wanatumia anwani moja (swali la 8), bila hiyo hata kampuni haiwezi kumtenga mmoja. Jina la mteja hawatakupa wewe, watawapa polisi kwa amri ya mahakama. Na akiwa ametumia VPN, rekodi itaishia kwa kampuni ya VPN.

18. Sisi tuna fungu letu na tovuti zinatuweka nchi nyingine. Turekebishe wapi?

Mahali pawili. Kwenye rejista, sahihisha mstari wa `country:` wa fungu lenu kupitia akaunti yenu ya AFRINIC. Kisha chapisheni faili dogo la maeneo kwenye tovuti yenu, lenye muundo uliowekwa na RFC 8805. Hapa nimetumia anwani za mfano:

```
203.0.113.0/24,KE,KE-17,Kisumu,
198.51.100.0/24,KE,KE-31,Nakuru,
```

KE-17 na KE-31 ni namba za kaunti katika orodha ya ISO, zinazofuata alfabeti, si namba za kaunti tulizozoea kwenye uchaguzi. Kisumu ya uchaguzi ni 42 na Nakuru ni 32, na nimeona mtandao wa Nakuru ukihamishiwa Nandi kwa sababu mtu aliandika KE-32. Waandikieni wenye kanzidata za makisio muwape kiungo cha faili hilo. Wengine hubadilisha ndani ya siku chache, na wengine utawaandikia mara tatu.